Kabla ya kutuma karte ya elekteri, tuulize kwanza: sosiete gani, kazi gani?



Tangu shule zilipofungwa, katika mikutano yetu ya Alhamisi kuna neno moja linarudi kila mara: mesaji za kazi. Watoto wetu wamepata Diploma ya Serikali, wengine wamemaliza masomo ya juu, wanakaa nyumbani na telefoni mkononi, na kila juma mtu fulani anawaandikia kwamba kuna nafasi katika sosiete ya migodi, Lubumbashi hapa ao Kolwezi. Hata sisi wenyewe tunazipata, zile za kupika kambini, za kufagia maburo, za kutunza depo. Mtu kuandikiwa kazi kwa telefoni si ajabu, watu wa kweli wanafanya hivyo pia. Lakini tumeona kwamba katika mesaji nyingi anayeandikisha ndiye anayeuliza wa kwanza, na kitu cha kwanza anachouliza ni karte ya elekteri, mbele na nyuma.

Tuitoe basi hiyo karte tuisome, kwa maana wengi tunaitembeza bila kuisoma. Imeandika majina yako yote matatu, siku na mahali ulipozaliwa, jina la baba, jina la mama, asili yako, na adresi unapolala. Iko na foto yako na numero yako. Sisi walimu tunajaza rejista za darasa kila Septemba, na hata rejista haijui mtoto kwa kiasi hicho. Na kwa kuwa katika nchi yetu karte ya CENI ndiyo inayofanya kazi ya kitambulisho, ni ileile unayotoa kwenye bariera, benki, na wakati wa kununua laini ya telefoni ao kufungua M-Pesa. Huna nyingine ya kuweka mahali pake.

Mtu aliye na foto ya karte hiyo anaweza kujaribu kuandikisha laini kwa jina lako kwa ajenti asiye mwaminifu. Anaweza kupiga telefoni akijifanya wewe, na akiulizwa jina la mama yako analijua. Na kuna matumizi mengine ambayo hatukuyafikiria mpaka tulipoyaona kwa macho yetu, tutayafikia.

Mwezi uliopita binti wa mmoja wetu, msichana wa miaka 22 aliyesoma komersiali, alipata mesaji hii kwenye WhatsApp. Tunaiandika jinsi ilivyokuwa, tukiigeuza tu kutoka Kifaransa:

“Jambo. Ajansi yetu inatafuta wasichana 15 kwa sosiete kubwa ya migodi. Kazi ya depo na buro. Mshahara dolari 650. Tuma leo: foto ya karte ya elekteri pande mbili, foto yako ukiishika karte karibu na uso, diploma, na numero yako ya M-Pesa. Nafasi zinafungwa saa kumi.”

Mama yake alifurahi. Nani asingefurahi, dolari 650 kwa mtoto ambaye hajafanya kazi hata siku moja? Lakini binti mwenyewe alikuja na telefoni kwenye mkutano akasema: “Wamama, someni kwanza. Ninaona wananiuliza mimi ni nani, na wao hawajasema ni nani.”

Tulisoma. Ni kweli, jina la ajansi halipo. Jina la sosiete halipo, ni “kubwa” tu, na kubwa si jina. “Kazi ya depo na buro” ni kazi mbili: anayepokea mizigo na kuhesabu magunia hafanyi kazi ya sekretere, na hawalipwi sawa. Mahali hapatajwi. Lakini numero ya M-Pesa inatakiwa leo, kama vile mshahara ungelipwa kesho. Na ile foto ya uso pamoja na karte ilitushtua zaidi, maana foto ya namna hiyo ndiyo serivisi nyingi za pesa kwenye mtandao zinaomba ili kuhakikisha kwamba mwenye karte ni yeye. Ukimpa mtu foto hiyo umempa karte na uso wa kuitumia.

Hatukumwambia binti amfunge mtu huyo. Labda ni ajansi ya kweli inayoandika vibaya, zipo. Tulikaa naye tukaandika jibu, kwa heshima, bila kumsingizia mtu:

“Bwana, asante kwa mesaji. Kazi ninaipenda. Kabla sijatuma dosye, naomba unijulishe jina la ajansi yenu, numero ya RCCM, na buro yenu iko komune gani na avenyu gani. Sosiete itakayoniajiri inaitwaje? Kazi yenyewe ni ipi, inafanyikia wapi, nitakuwa chini ya nani, na ni kontra ya muda gani? Numero yangu mliipata kwa nani? Karte yangu nitaileta yenyewe siku mtakaponiita kwa maswali. Kama inahitajika mapema, naomba unieleze ni ya nini na nani ataitunza.”

Mama mmoja alisema maswali ni mengi, mtoto ataonekana mwenye kiburi, kazi itapita. Tulibishana kidogo. Ni kweli kwamba mwenye kutafuta kazi hana nguvu, na watu wa maburo wamezoea kuombwa kwa kupiga magoti. Lakini fikirini hivi. Kode yetu ya Kazi, ile ya Oktoba 2002, inataka kontra ya maandishi iwe na jina la muajiri, aina ya kazi, mahali, mshahara, na siku ya kuanza. Maana yake, kama kazi ipo, siku ya kutia saini mambo haya yote lazima yawe kwenye karatasi. Mtu anayeandikisha watu kweli anayo tayari mezani kwake, maana ndiyo sosiete ilimpa ili atafute watu. Kumjibu mtoto kunamchukua dakika mbili. Asiye nayo ndiye maswali yanamsumbua.

Na kuuliza karte ni ya nini si utovu wa adabu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kode ya Numeriki, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi. Anayekusanya habari zako anapaswa kuwa na sababu inayojulikana, nawe unayo haki ya kuijua.

Sasa majibu. La kwanza lilikuja haraka sana: “Dada, wenzako 11 wamekwisha tuma. Ukichelewa shauri yako.” Hakuna swali hata moja lililojibiwa. Binti aliandika tena, kwa ufupi: “Nimeelewa, Bwana. Naomba tu jina la sosiete na buro yenu.” Baada ya saa moja lilikuja jina la sosiete moja ya migodi ambayo kila mtu hapa anaijua. Hatutaliandika, maana sosiete yenyewe haina kosa, jina lake limeibwa tu. Juu ya buro alisema “tuko katikati ya mji”. Numero ya RCCM alisema ni siri ya ajansi.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu wengi hatuijui RCCM. Ni rejista ya biashara. Kila sosiete inayofanya kazi kwa sheria imeandikwa humo, na numero yake inaanza na herufi CD, kisha herufi za mji, kisha RCCM, kisha mwaka, kisha herufi A kama ni mtu mmoja mwenye biashara yake ao B kama ni sosiete, na mwisho numero. Si siri hata kidogo. Sosiete inaichapa chini ya barua zake, kwenye fakture, kwenye muhuri. Muuza sementi mwenye depo ndogo anaiandika kwenye risiti anayokupa. Mtu akikuambia numero ya RCCM ni siri, ni sawa na mwalimu kukuambia jina la shule yake ni siri. Rejista hiyo inatunzwa kwenye grefu ya Tribinali ya Biashara, na mtu anaweza kwenda kuuliza kama jina fulani limeandikwa. Lakini tusidanganyane: numero peke yake haitoshi. Mwizi anaweza kuinakili kutoka fakture ya sosiete ya kweli. Numero inakuonyesha kwamba sosiete ipo, haikuonyeshi kwamba anayekuandikia ametumwa nayo.

Kwa hiyo, alipotaja ile sosiete, hatukuridhika na jina. Mama mmoja ana kaka anayeendesha lori na huingia kwenye mlango wa sosiete hiyo. Tulimwomba anakili numero ya telefoni iliyo kwenye bango la mlangoni. Hili ni jambo ndogo lakini ndilo lenye nguvu zaidi katika haya yote: usipige numero ambayo mwandikishaji amekupa ili kuhakikisha maneno yake, kwa maana atapokea yeye mwenyewe ao rafiki yake. Chukua numero mahali pengine: kwenye bango, kwenye karatasi ya zamani, kwa mtu anayefanya kazi pale. Ama nenda mwenyewe mpaka mlangoni. Tulipiga Jumatatu asubuhi. Aliyepokea alituhamisha kwenye serivisi ya wafanyakazi, na mama wa huko alitujibu vizuri, bila haraka. Hawakuwa wanatafuta wasichana 15, hawakutuma ajansi yoyote kwa kazi ya depo, na matangazo yao wanayabandika mlangoni na kuyatuma kwa ONEM. Mazungumzo yalichukua dakika 4 na yalimaliza yuniti kidogo tu.

Wakati huohuo, jioni ya Jumapili, yule mtu alikuwa ametuma kitu kingine. Aliona binti hatoi karte, basi akatoa yeye. “Kama huamini, hii hapa karte ya sekretere wetu. Sisi hatufichi.” Ilikuwa foto ya karte ya elekteri ya mwanamke, mbele na nyuma, safi kabisa.

Telefoni ilipita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa mama anayeuza vitenge kwenye soko la Kenya, alinyamaza. Alimjua mwanamke huyo. Wanauza pamoja, meza mbili kati yao. Hajawahi kuwa sekretere wa mtu.

Tulimfuata kesho yake, polepole, kwa kuwa jambo kama hilo halisemwi mbele ya wateja. Alituhadithia. Mwanzo wa mwaka aliandikiwa kuhusu kazi ya kupika kambini, akaombwa karte na akaituma, kisha akaombwa dolari 25 za kufungua dosye na vipimo vya daktari. Hizo hakutuma, maana hakuwa nazo. Alifikiri ameponea hapo. Mwezi wa nne kijana mmoja kutoka Likasi alifika kwake, na adresi alikuwa ameisoma kwenye karte. Alikuwa na mjomba wake na alitaka dolari 60 alizomlipa “sekretere”. Majirani walitoka wakasimama kutazama. Alilia, alionyesha meza yake ya vitenge, akaapa. Kijana hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameibiwa naye. Walikwenda pamoja polisi, na mwanamke akatoa maelezo yake yaandikwe. Baadaye wakaja wengine wawili.

Haya ndiyo matumizi ambayo hatukuyafikiria. Mwizi hakuitumia karte yake ili kumwibia yeye. Aliitumia ili aaminike na wengine. Na aliyedanganywa hamtafuti mtu wa WhatsApp ambaye hana uso, anatafuta jina na adresi zilizo kwenye karte. Mwanamke huyu hakupoteza hata franka moja, lakini mpaka leo mtu asiyemjua akisimama mbele ya meza yake anaogopa kwanza, ndipo anauliza anataka kitenge gani.

Tulimwambia binti amwandikie mtu yule mara moja ya mwisho, bila matusi na bila kumwambia tumemjua: “Asante, sitaendelea.” Matusi yanaleta ugomvi, na mtu huyo anayo numero yako. Kisha mesaji zote zilipigwa picha na kutunzwa, kwa ajili ya mwanamke wa vitenge, ili zikae pamoja na maelezo yake ya polisi.

Tungekomea hapo mngefikiri kwamba kila asiyetaja sosiete ni mwizi, na hiyo si kweli. Wiki mbili baadaye binti yuleyule alipigiwa na mama mmoja wa ajansi nyingine. Alimwuliza maswali yaleyale. Yule mama alijibu hivi: “Jina la sosiete siwezi kukupa leo, tumekubaliana nao tusilitaje mpaka tuchague watu. Lakini sisi tunaitwa hivi, buro yetu iko kwenye avenyu hii, RCCM yetu ni hii. Kazi ni ya kuandika mizigo inayoingia na kutoka, ni Kolwezi, kontra ya miezi 6, mshahara kati ya dolari 280 na 320. Jina lako nilipewa na prefe wa shule yako. Karte usiitume. Utaileta siku ya maswali, tutaitazama na kukurudishia.”

Mnaona tofauti. Huyu naye alificha jina, na ajansi za kweli wakati mwingine zinafanya hivyo ili sosiete isivamiwe na watu, ao ajansi nyingine isiwapokonye kazi. Lakini alipoficha jina la mteja alifunua la kwake, na kila kitu alichosema kilikuwa kitu ambacho tunaweza kwenda kukitazama. Tulimwuliza prefe, akakubali. Tulipita mbele ya buro, ipo, bango lipo, watu wanaingia na kutoka. Na mshahara wake ulikuwa mshahara wa dunia hii. Binti alikwenda na mama yake akamngojea nje. Hakuchukuliwa, walimchukua mwenye uzoefu. Lakini karte yake ilirudi naye nyumbani, na sivi yake imebaki kwa watu wanaojulikana.

Juu ya hiyo sivi tuna neno moja. Desturi yetu hapa ni kuandika juu kabisa jina la baba, jina la mama, asili, adresi na numero ya nyumba, kama tunajaza karte upya. Kwa mtu usiyemjua, ya kwanza iwe nyepesi: majina, mtaa bila numero ya nyumba, telefoni, masomo, kazi ulizofanya. Hayo yanatosha kumwezesha mtu kuamua kama anataka kukuona. Jina la mama yako halimsaidii kujua kama unaweza kuhesabu magunia.

Kisha kila kitu kina wakati wake. Siku ya maswali, karte yenyewe inatolewa mkononi, inatazamwa, inarudi. Siku ya kontra, kopi inatolewa, na hapo kweli inahitajika, maana muajiri lazima akuandikishe kwenye CNSS na huko hawaandiki mtu bila kitambulisho. Numero ya benki ao ya M-Pesa inakuja baada ya saini, kwa ajili ya mshahara. PIN ya M-Pesa haina siku yake, wala kodi ya tarakimu inayoingia kwenye telefoni yako kwa mesaji. Hakuna muajiri duniani anayeihitaji. Mtu akisema “nitumie ile kodi uliyopata sasa hivi, ni ya dosye”, anajaribu kufungua WhatsApp yako ao mfuko wako wa pesa kwenye telefoni yake. Na pesa za dosye, za vipimo, za unifomu kabla ya kazi, tumekwisha ona zinaelekea wapi.

Kuna matangazo halali yanayoomba kopi ya karte tangu mwanzo. Ya ONG na ya maburo ya serikali mara nyingi ni hivyo: barua, sivi, kopi ya diploma, kopi ya karte, wakati mwingine na karte ya ONEM ya mwenye kutafuta kazi. Hatusemi msipeleke. Hapo aliyeomba ana jina, ana bango, ana mtu wa mapokezi anayepokea bahasha na kutia muhuri wa tarehe kwenye kopi yako. Hata hivyo tunafanya jambo moja: kabla ya kupeleka, tunachukua kalamu na kuandika kwa kukatiza kopi, juu ya foto na juu ya majina lakini bila kuyafuta, “Kwa ombi la kazi ya fulani, sosiete fulani, tarehe fulani”. Kopi iliyoandikwa hivyo ni vigumu kuitumia kwa kitu kingine. Kama ni lazima itumwe kwa telefoni, andika kwanza kwenye karatasi ya kopi, kisha uipige foto hiyo, si karte yenyewe. Na kwenye vibanda vya fotokopi, chukueni hata karatasi iliyotoka vibaya. Tumeona karte za watu zikifungia karanga.

Kwa yule ambaye amekwisha tuma, kama mwenzetu wa vitenge, bado kuna la kufanya, na afadhali mapema. Abadilishe PIN ya M-Pesa. Kwenye WhatsApp aweke uthibitisho wa hatua mbili, kijana yeyote wa nyumbani atamsaidia. Aende kwenye serivisi ya kampuni ya telefoni na karte yake, aulize ni laini ngapi zimeandikishwa kwa jina lake, na ile asiyoijua aombe ifungwe. Aende polisi, maelezo yaandikwe, naye aombe kopi. Hiyo kopi ndiyo mwenzetu aliyowaonyesha wale wawili waliokuja baadaye, na ndiyo iliyofanya waondoke bila kelele. Sasa anaiweka kwenye mfuko wa plastiki, chini ya vitenge.

Alhamisi ijayo tutaleta ile mesaji ya maswali ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila mama ainakili kwenye telefoni yake ao ya mtoto wake. Mwenye mesaji ya kazi ambayo haielewi aje nayo pia, tutaisoma pamoja.